Malipo ya awali kwa muuzaji wa nje: maswali ya waagizaji kuhusu vitabu, dola na ankara ya mwisho

Ukurasa huu ni wa mwagizaji wa kawaida wa Dar es Salaam, anayenunua kiwandani China kwa mtindo uliozoeleka: asilimia 30 inatangulia ili kiwanda kianze kazi, asilimia 70 inamaliziwa mzigo ukishapakiwa. Unamhusu pia mhasibu wake, kwa sababu maswali mengi huanza pale mwenye duka anapomletea bahasha ya karatasi na kusema, "Hizo ni za kontena lile." Mfano ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Viwango vya dola nimevipanga vya mviringo ili hesabu ifuatike. Wewe weka vya benki yako.

Mfano wenyewe ni upi?

Duka limeagiza pampu 400 za maji kutoka kiwanda cha Taizhou, mkoa wa Zhejiang, kwa dola 100 kila moja, FOB Ningbo. Proforma inasema dola 40,000. Tarehe 10 Machi duka linatuma asilimia 30, yaani dola 12,000, siku ambayo benki inauza dola kwa shilingi 2,500. Benki inatoa shilingi 30,000,000 kwenye akaunti.

Tarehe 28 Aprili mzigo unapanda meli. Kiwanda kimefanikiwa kutengeneza pampu 392 tu, kwa hiyo ankara ya mwisho ni dola 39,200. Siku hiyo dola ni 2,600. Tarehe 12 Mei duka linalipa salio la dola 27,200, dola ikiwa imeshuka hadi 2,580, na kiwanda kinaachia hati ya shehena, ile ambayo mawakala huiita BL. Tarehe 6 Juni meli inafika bandarini Dar.

Zile dola 12,000 za Machi niziandike wapi? Si nimeshanunua?

Bado hujanunua. Tarehe 10 Machi hakuna pampu hata moja yenye jina lako. Kuna ahadi ya kiwanda. Kwa hiyo pesa hiyo si manunuzi, si gharama, na si bidhaa ghalani. Ni mali ya biashara ya aina nyingine: haki ya kupokea mzigo. Fungua leja yake, iite "Malipo ya awali kwa wauzaji wa nje". Debiti leja hiyo shilingi 30,000,000, krediti benki kiasi hicho hicho.

Ukiziandika kama manunuzi mwezi Machi, faida ya Machi itashuka kwa milioni 30 wakati hujauza chochote cha mzigo huo. Na ukisahau, ankara ya mwisho ya dola 39,200 ikija nayo itaingia nzima, na dola 12,000 zitakuwa zimehesabiwa mara mbili. Dalili yake ni rahisi kuiona: leja ya kiwanda inaonyesha bado unadaiwa dola 12,000, ilhali kiwanda chenyewe hakijakutumia ujumbe wowote wa kudai. Mchina asiyekudai, na vitabu vyako vinasema anakudai, angalia proforma ya zamani.

Kwa nini nisiiweke tu kwenye leja ya muuzaji upande wa debiti?

Unaweza, na wengi hufanya hivyo. Shida inakuja kwenye dola. Leja ya muuzaji iliyofunguliwa kwa dola hupandishwa na kushushwa kila mwisho wa mwezi kufuata soko. Deni halisi linastahili kufanyiwa hivyo. Malipo ya awali hayastahili, kama swali linalofuata linavyoeleza. Ukivitenganisha unajiepusha na kazi ya kuchambua baadaye.

Wanaotumia TallyPrime: leja ya malipo ya awali iwe ya shilingi, iwashiwe `Maintain balances bill-by-bill`, na siku ya kulipa uchague `Advance` na kuandika namba ya proforma kama rejea. Ankara ya mwisho ikija utaita rejea hiyo kwa `Agst Ref`. Kiasi cha dola na kiwango cha siku hiyo viandike kwenye maelezo ya vocha, maana baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka. Ukichagua `On Account` umeitupa pesa kwenye kapu lisilo na jina, na kama una proforma nne za kiwanda kimoja hutajua ipi imekatwa na ipi bado.

Dola imepanda tangu nilipe. Si nina faida?

Hapa ndipo vitabu vingi vinapoharibika, tusiende mbio.

Mwagizaji anawaza hivi: nililipa dola 12,000 kwa 2,500, leo dola ni 2,600, kwa hiyo dola zangu zimeongezeka thamani kwa shilingi 1,200,000. Lakini hana dola. Dola ziliondoka 10 Machi. Anachodai ni pampu, na idadi ya pampu haiongezeki kwa sababu shilingi imeshuka. Kiwanda hakitamrudishia dola ili akazibadilishe.

Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya uhasibu huyaweka malipo ya awali katika kundi la vitu visivyo vya fedha. Tafsiri iitwayo IFRIC 22, iliyotolewa Desemba 2016 na kuanza kutumika 1 Januari 2018, imelisema hili waziwazi: sehemu ya mzigo iliyolipiwa kabla hubeba kiwango cha siku ya kulipa, na kama ulilipa kwa mikupuo, kila mkupuo hubeba kiwango chake. Sehemu iliyobaki ndiyo hubeba kiwango cha siku mzigo unapoingia kwenye vitabu.

Basi pampu zetu 392 zinaingia hivi. Dola 12,000 kwa 2,500 ni shilingi 30,000,000. Dola 27,200 kwa 2,600 ni shilingi 70,720,000. Jumla ni shilingi 100,720,000, na hiyo ndiyo bei ya kununulia kabla ya nauli na ushuru.

Anayekosea huchukua dola 39,200 zote na kuzidisha kwa 2,600, akapata 101,920,000. Tofauti ni zile 1,200,000. Ataziandika upande mmoja kama faida ya kubadilisha fedha, na upande wa pili atakuwa ameongeza bei ya pampu kwa kiasi hicho hicho. Mwisho wa yote, pampu zote zikiuzwa, hesabu inarudi sawa. Lakini kama mwaka umefungwa pampu zikiwa bado ghalani, umetangaza faida ambayo haipo, na kodi ya mapato haisubiri hadi uuze.

Na mwisho wa mwaka, kama mzigo haujapakiwa?

Malipo ya awali yanabaki kwenye shilingi zake za awali. Kama ni 30,000,000 tarehe 10 Machi, ni 30,000,000 tarehe 31 Desemba. Usiyaguse hata kama programu inakuuliza kama unataka kurekebisha.

Unachotakiwa kufanya siku hiyo ni kuuliza swali jingine kabisa: je, mzigo utakuja? Kiwanda kikiwa kimya kwa miezi, simu hazipokelewi na barua pepe zinarudi, basi kinachoitwa mali hakipo tena na lazima ukiandike kama hasara. Kaa na ushahidi wa ulivyofuatilia, kwa sababu mkaguzi wa kodi atauliza kwa nini umekata.

Ankara ya mwisho imeingia. Naifunga vipi na malipo ya awali?

Kwanza jua ni siku gani. Kwa FOB, hatari ya mzigo inahamia kwako pampu zikishapanda meli Ningbo. Kontena likizama Bahari ya Hindi, hasara ni yako na kampuni yako ya bima, kiwanda hakimo. Kwa hiyo siku ya kuingiza mzigo kwenye vitabu ni tarehe ya kupakia iliyoandikwa kwenye hati ya shehena, 28 Aprili, na leja yake ni "Bidhaa zilizo njiani". Wengi husubiri hadi mzigo ufike dukani. Kwa mwenye kontena mbili kwa mwaka haileti balaa, isipokuwa mwaka wa hesabu ukiisha meli ikiwa baharini: hapo mali na deni vyote viwili vitakosekana kwenye mizania.

Tarehe 28 Aprili basi: debiti bidhaa zilizo njiani 100,720,000, krediti malipo ya awali 30,000,000, na leja hiyo inafika sifuri kwa proforma hii, krediti muuzaji 70,720,000, ambazo ni dola 27,200.

Tarehe 12 Mei unalipa dola 27,200 kwa 2,580, sawa na shilingi 70,176,000. Deni lilikuwa 70,720,000. Zilizobaki, 544,000, ni faida halisi ya kubadilisha fedha, kwa sababu deni hili lilikuwa la dola kweli na ungeweza kulipa zaidi au pungufu. Inaingia kwenye faida na hasara. Haipunguzi bei ya pampu.

Tarehe 6 Juni na siku zinazofuata, nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha, gharama za bandari na ada ya wakala vinaongezwa juu ya 100,720,000. Kodi ya ongezeko la thamani haiongezwi kama umesajiliwa, kwa sababu utairudisha kwenye ritani. Pampu zikishushwa ghalani, jumla yote inatoka "njiani" kwenda "ghalani", na hapo unagawa kwa 392. Usigawe kwa 400.

Kiwanda kimeandika nimelipa dola 11,970. Mimi nilituma 12,000. Kimenipunja?

Hapana, ni benki ya katikati. Dola hazitoki Dar kwenda Zhejiang moja kwa moja. Hupitia benki mshirika, na hiyo hukata chake. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya kuchagua nani anabeba gharama: `OUR`, `SHA` au `BEN`. Ukichagua `SHA`, wewe unalipa benki yako na makato ya njiani yanatoka kwenye pesa inayosafiri. Ukichagua `OUR`, unalipa zaidi mwanzoni ili kiasi kifike kamili.

Kiwanda kinahesabu kilichopokea, kwa hiyo salio kwenye ankara litasomeka 27,230. Usibishane naye kwa dola 30. Omba nakala ya ujumbe wa benki, ule ambao wengi bado huuita MT103, uone makato, kisha hamisha dola 30 kwa 2,500, yaani shilingi 75,000, kutoka malipo ya awali kwenda gharama za benki. Kinachobaki kukatwa kwenye ankara ni dola 11,970. Tatizo ni pale mhasibu anapoacha 12,000 upande wake na kiwanda kinashikilia 11,970: dola 30 hizo zitalala kwenye leja miaka, na kila proforma mpya itaongeza nyingine.

Wakala wangu wa forodha alitumia kiasi gani kwenye tamko?

Mwulize leo, kabla hujamaliza kusoma.

Viwanda vingi hutengeneza ankara ya mwisho yenye mistari mitatu chini: jumla 39,200, toa malipo ya awali 12,000, kinachodaiwa 27,200. Mstari wa mwisho ndio umekolezwa wino. Wakala mwenye mafaili arobaini mezani hukopi namba iliyokolezwa. Tamko linaingia mfumo wa forodha na dola 27,200.

Sheria ya usimamizi wa forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inahesabu thamani kwa bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa. Iliyolipwa Machi imo. Thamani ni dola 39,200, kisha nauli na bima juu yake. Dola 12,000 zilizoachwa, kwa kiwango cha 2,600, ni shilingi 31,200,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 peke yake juu ya kiasi hicho ni 5,616,000, bila kugusa ushuru wala faini. Huhitaji kuwa na nia mbaya ili hili lihesabiwe kuwa tamko la uongo.

Kuna mkia wake pia. Vitabu vyako vinasema umenunua kwa dola 39,200, na forodha wanasema umeingiza za 27,200. Siku ya ukaguzi wa kodi ya mapato, ofisa atachukua namba ya forodha na kukataa gharama iliyozidi. Dawa yake ni ndogo: kiombe kiwanda ankara ya biashara inayoonyesha jumla tu, na taarifa ya malipo iwe karatasi ya pembeni. Mpe wakala nakala za MT103 zote mbili, ya Machi na ya Mei. Jumla yake ikilingana na ankara, ubishi wa thamani unakuwa mfupi.

Na usishtuke ukiona kiwango cha dola kwenye tamko si 2,500 wala 2,600. TRA hutumia kiwango chake kilichotangazwa. Hicho ni cha kukokotoa kodi. Hakibadilishi bei ya kununulia uliyokwisha kuandika.

Nimeagiza kontena mbili kwa proforma moja. Nakata malipo ya awali kwenye ipi?

Inategemea mlivyoandikiana, na kwa kawaida hamkuandikiana. Kiwanda kitapenda kuishikilia pesa yote ya awali hadi kontena la mwisho, na kukudai asilimia 100 ya la kwanza. Kwake ni dhamana. Kwako ni mtaji uliolala. Dai kabla ya kutuma pesa kwamba proforma iseme malipo ya awali yatakatwa kwa uwiano kwenye kila shehena. Kama dola 12,000 ni za kontena mbili zenye thamani sawa, kila ankara ikatwe 6,000.

Kwenye vitabu fuata kile ankara inachosema. Kama ya kwanza haikukata kitu, mzigo wote wa kwanza unabeba kiwango cha siku ya kupakia, na malipo ya awali yanasubiri la pili yakiwa na kiwango chao cha Machi.

Oda imefutwa na kiwanda kimekubali kurudisha. Bado ni malipo ya awali?

Kuanzia siku walipokubali kurudisha, si malipo ya awali tena. Sasa unadai dola, hudai pampu. Yahamishe kwenye leja ya wadaiwa, na tangu siku hiyo yanapanda na kushuka na dola kama deni lolote. Hapa ile faida ya 1,200,000 inaweza kuwa ya kweli, kama pesa itarudi.

Kiwanda kikisema "tutakukatia kwenye oda ijayo", basi yanabaki malipo ya awali kwa kiwango kile kile cha zamani, yakibadilishwa tu rejea ya proforma. Pampu mbili zilizofika zimepasuka zinafuata njia hiyo hiyo: omba hati ya punguzo ya dola 200 yenye namba, maana maneno ya WeChat pekee hayakatiki kwenye ankara.

Barua pepe imesema akaunti ya benki imebadilika. Nilipe salio huko?

Usilipe. Utapeli huu hupenda kuja kati ya malipo ya awali na salio, kwa sababu mtu aliyeingia kwenye barua pepe za kiwanda anajua tayari kiasi, namba ya proforma na meli. Anwani hutofautiana kwa herufi moja, au haitofautiani kabisa. Ankara ni ile ile yenye mhuri, namba ya akaunti pekee ndiyo ngeni.

Piga simu ya video kwa mtu uliyemzoea, kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya barua hiyo, akusomee akaunti. Linganisha na proforma ya Machi. Jina la akaunti liwe jina la kampuni iliyokuuzia, herufi kwa herufi. Akaunti ya mtu binafsi, au ya kampuni nyingine katika nchi nyingine, ni sababu ya kusimama. Dola 12,000 zilifika salama kwenye akaunti ya kwanza, na huo ni ushahidi bora kuliko mhuri wowote.

Naweza kulinda asilimia 30 yenyewe?

Kwa mzigo mkubwa, ndiyo: benki ya kiwanda inaweza kutoa dhamana ya malipo ya awali, kwamba mzigo usipopakiwa hadi tarehe fulani benki itakurudishia. Mara nyingi huandikwa chini ya kanuni za URDG 758 za Chama cha Biashara cha Kimataifa, zilizoanza 2010. Soma masharti mawili: kiasi kinapungua kadiri shehena zinavyotoka, na tarehe ya mwisho isitangulie tarehe ya kupakia. Kwa dola 12,000, viwanda vingi vitakukatalia kwa sababu benki yao inawatoza. Hapo kinga yako ni kupunguza asilimia, kutuma mkaguzi akahesabu pampu na kuziwasha kabla ya kulipa salio, na kutolipa salio kabla ya kuona nakala ya hati ya shehena yenye jina la meli na namba ya kontena unayoweza kuitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli.

Faili la kontena moja liwe na nini?

Proforma iliyosainiwa, MT103 ya malipo ya awali, ankara ya mwisho, nakala ya hati ya shehena, MT103 ya salio, tamko la forodha na risiti zake, na karatasi moja ya mkono wako yenye mistari minne: dola, kiwango, shilingi, tarehe. Mwaka ukifungwa, mkaguzi atachukua leja ya malipo ya awali na kuuliza juu ya kila kiasi kilichobaki wazi. Kwa kila kimoja uwe na jibu moja kati ya mawili: mzigo uko kiwandani na hii ndiyo tarehe ya kupakia, au oda imefutwa na hii ndiyo proforma mpya ambako kiasi hicho kitakatwa.